Kuondoa ukungu na madoa ya kahawia kwenye vitabu na picha za zamani: mwongozo kamili kwa nyumba za pwani

Masika yakiisha, sanduku la vitabu likifunguliwa Tanga, Mombasa au Unguja, mara nyingi hukutwa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni ukungu: manyoya meupe, ya kijani au meusi juu ya jalada na kingo za kurasa, pamoja na harufu nzito. La pili ni madoadoa ya kahawia yaliyotawanyika kwenye kurasa kama matone ya chai.

Tofauti yake ni hii: ukungu hukaa juu ya karatasi, kwa hiyo sehemu kubwa huondoka kwa brashi. Doa la kahawia limo ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna brashi wala raba itakayolifikia. Vitabu vingi huharibika mtu anapolishambulia doa kwa maji na dawa, kitu ambacho kitabu kilichoshonwa hakiwezi kustahimili. Kwa hiyo tutaanza na ukungu, kisha madoa, kisha picha, ambazo zina kanuni zake.

Kausha kwanza, usifute kwanza

Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa. Karatasi iliyolowa kabisa, kwa mfano baada ya paa kuvuja, huanza kuota ndani ya siku mbili au tatu. Ukungu ulio hai una maji. Ukiufuta katika hali hiyo, unapakaa rangi yake ndani ya karatasi na kubandika mbegu zake palipokuwa safi. Doa unalolitengeneza hivyo halitoki tena.

Ili kujua hali ilivyo, gusa ukungu kwa ncha ya brashi laini iliyo kavu. Ukungu ukiteleza na kuacha mstari, bado uko hai. Ukipukutika kama unga, umelala na unaweza kusafishwa.

Hapa ndipo watu wa pwani wanapopata shida ambayo maelekezo ya nchi zenye hewa kavu hayaigusi. Kuweka kitabu mbele ya feni hukausha maji yanayoonekana tu. Karatasi hulingana na hewa inayoizunguka, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika hukaa juu ya asilimia 70 kwa muda mwingi wa siku. Feni ikizunguka wiki nzima katika hewa hiyo, kitabu kitabaki na unyevu wa kutosha kuotesha ukungu. Zipo njia mbili zinazofanya kazi: chumba chenye kiyoyozi kilichofungwa vizuri, au kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana pamoja na chembe za silika, zile zinazowekwa kwenye vipakiti ndani ya masanduku ya viatu. Chembe hizo huuzwa pia kwa kilo katika maduka ya vifaa vya maabara na vya kamera.

Tuchukue kitabu kimoja cha gramu 500 kilichokaa katika hewa ya asilimia 80. Karatasi ya aina hiyo hubeba takriban asilimia 10 ya uzito wake kama maji. Ikishuka hadi hewa ya asilimia 50, hubeba 6 au 7. Kwa hiyo kitabu hicho kinapaswa kupoteza kama gramu 20 za maji. Silika kavu, katika hewa ya asilimia 50, hushika takriban robo ya uzito wake. Gramu 100 zingetosha kwa hesabu, lakini weka 150, kwa sababu hewa ya ndani ya kisanduku na kifuniko kinachopitisha kidogo navyo hula sehemu yake.

Mwaga silika kwenye sahani chini ya kisanduku, weka wavu wa plastiki juu yake, kisha simamisha kitabu juu ya wavu huku kurasa zikiwa zimefunguka kidogo kama kipepeo. Chembe zisiguse karatasi. Weka kipima unyevu kidogo mle ndani, kisha pima kitabu kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi na kuandika uzito. Siku za mwanzo utaona ukishuka gramu kadhaa. Uzito ukikaa palepale siku mbili mfululizo na kipimo kikisoma chini ya asilimia 55, kitabu kimekauka. Silika ikichoka, itandaze kwenye trei na kuiweka kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, nayo itatumika tena. Ukinunua ile inayobadilika rangi, chagua ya rangi ya chungwa. Ile ya bluu ina kobalti, na si kitu cha kushikashika.

Mchele haufai kazi hii. Hushika maji kidogo sana, na unga wake ni chakula cha ukungu na cha wadudu.

Jua kali nalo lina hasara zaidi kuliko faida. Hupindisha majalada, hufifisha wino na picha, na hugeuza karatasi ya aina ya gazeti kuwa ya njano ndani ya saa chache. Fanyia kazi kivulini. Kama una vitabu vingi vilivyolowa kwa mara moja, funga kila kimoja kwa karatasi ya kuokea, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na kukiweka kwenye friza. Baridi haiui ukungu, huusimamisha tu, lakini inakupa nafasi ya kukausha kimoja kimoja. Picha za zamani zilizotengenezwa juu ya kioo hazipaswi kuingia friza kabisa.

Kusafisha ukungu uliokauka

Vaa barakoa ya N95. Ile nyembamba ya hospitali haizuii mbegu za ukungu. Vaa glovu na miwani ya kuziba macho. Mwenye pumu, mjamzito, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili aiachie kazi hii mtu mwingine.

Fanya kazi nje, kivulini, upepo mwanana ukitokea nyuma yako na kupeleka vumbi mbali na nyumba. Ndani ya nyumba, keti karibu na dirisha na elekeza feni itoe hewa nje. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hutoa mbegu za ukungu kwa nyuma na kuzisambaza chumba kizima, kwa hiyo tumia tu yenye kichujio kilichoandikwa HEPA. Funga mdomo wa bomba kwa kipande cha chandarua na raba ya kufungia, ili kipande cha karatasi kilicholegea kisiingie ndani, na punguza nguvu hadi kiwango cha chini.

Anza kitabu kikiwa kimefungwa, ukikibana kwa mkono mmoja ili vumbi lisiingie kati ya kurasa. Piga brashi kwenye kingo za juu kutoka mgongoni kuelekea nje, upande mmoja tu, bila kurudisha. Brashi pana na laini ya kupakia rangi ya maji inatosha, na brashi mpya ya kupakia poda usoni pia ni nzuri. Mdomo wa bomba ushike sentimita moja au mbili kutoka kwenye ncha ya brashi, ufyonze kinachoinuka. Fuata kingo nyingine, kisha majalada, kisha fungua ukurasa kwa ukurasa, ukitoka kwenye mshono kwenda ukingoni. Ukungu hupenda kujificha ndani ya mshono na chini ya kitambaa cha mgongo, kwa hiyo pachunguze kwa tochi iliyolazwa pembeni. Mwanga wa ubavuni huonyesha manyoya ambayo mwanga wa juu hauonyeshi.

Kinachobaki baada ya brashi kinaweza kupunguzwa kwa unga wa raba nyeupe ya plastiki. Ikwangue kwenye kikwaruzo safi, nyunyiza unga ukurasani, usugue kwa ncha za vidole kwa miduara midogo, kisha uufagie. Usitumie raba ya waridi, kwani ina mchanga ndani yake na hukwaruza karatasi. Kama karatasi inanyanyua nyuzi, au ukurasa ni laini kama pamba pale ukungu ulipokuwa, acha mara moja. Ukungu umekula gundi iliyoshikanisha nyuzi, na kusugua kutatoboa.

Majalada ya kitambaa yanaweza kupitishiwa pamba yenye spiriti ya hospitali ya asilimia 70. Ichovye, iminye hadi iwe karibu kavu, jaribu kwanza kwenye kona ya ndani, na kama rangi haitoki pitisha mara moja tu. Spiriti ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya majiko usiitumie, kwa sababu rangi yake hubaki kwenye kitambaa. Ngozi ya zamani ikiguswa na spiriti huweza kuwa nyeusi na kukakamaa, kwa hiyo msahafu au kitabu chenye jalada la ngozi kiishie kwenye brashi kavu.

Baada ya hapo utaona alama za rangi ya kijivu, ya njano au ya zambarau palipokuwa na ukungu. Hiyo ni rangi iliyoingia kwenye nyuzi. Haina uhai, haisambai, na inaweza kuachwa.

Tembe za kufukuza nondo wa nguo, zile nyeupe za kabatini, hazizuii ukungu. Mvuke wake ni hatari kwa anayelala chumbani humo, na harufu hukaa kwenye karatasi miaka mingi.

Madoa ya kahawia

Madoa haya yana zaidi ya chanzo kimoja. Mengine hutokana na chembe ndogo za chuma zilizobaki kwenye karatasi tangu kiwandani, ambazo hushika kutu unyevu unapopanda. Mengine ni kazi ya kuvu wadogo walioishi na kufa ndani ya karatasi. Yote hutaka unyevu ili yakue, na katika kurasa nyingi sababu hizo mbili huwa zimechanganyika. Kwa macho hutazitofautisha kwa uhakika, na hilo ndilo linalofanya dawa za kung'arisha kuwa kamari.

Mitandaoni utakutana na ushauri wa kugusia kila doa kwa pamba yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Kwa dakika chache doa hufifia kweli, na mtu hufurahi. Lakini kama ndani yake mna chuma, dawa hiyo na chuma hutengeneza kemikali kali zinazokata nyuzi za selulosi. Miezi ikipita, pale palipokuwa doa huwa dhaifu na kuvunjika. Tatizo la pili huonekana siku hiyohiyo: karatasi ya zamani ina uchafu wa njano unaoyeyuka majini. Ukiilowesha sehemu moja tu, maji husukuma uchafu huo hadi pale unyevu unapokutana na ukavu na kuuacha hapo. Doa la milimita 3 linageuka duara jeupe lenye pete ya kahawia ya sentimita 2, na pete hiyo ni ngumu kuitoa kuliko doa lenyewe. Dawa ya klorini ya kufulia ni mbaya zaidi. Mabaki yake hayaoshwi yakaisha, hula nyuzi, na rangi ya njano hurudi.

Kwa hiyo kwenye kitabu kilichoshonwa, doa la kahawia liache. Kausha kitabu, kiweke pakavu, nalo litasimama lilipo. Ni hukumu isiyopendeza kwa mtu anayekipenda kitabu chake, lakini kurasa zenye madoa husomeka, na zilizotoboka hazisomeki.

Karatasi moja iliyo huru ndiyo inaweza kuoshwa, kwa masharti. Iwe imechapwa kwa wino mweusi wa mashine ya kuchapia, isiwe na mwandiko wa mkono, muhuri, sahihi wala rangi, isiwe ya kung'aa, wala isiwe ya aina ya gazeti. Mwandiko wa wino uliogeuka kahawia ni wa kuogopwa hasa, kwa sababu wino wa zamani wenye chuma hutembea ukiloweshwa na kuchoma karatasi inayouzunguka. Jaribu hivi: weka tone la maji juu ya herufi moja isiyo muhimu, subiri dakika moja, kisha gandamiza tishu nyeupe. Ikitoka na rangi yoyote, kazi imeishia hapo.

Tishu ikitoka safi, tuseme ni ukurasa wa utangulizi uliokwisha kuchomoka wenyewe kwenye kitabu cha shule cha miaka ya 1950. Chukua trei ya plastiki kubwa kuliko karatasi na maji ya chupa ya kunywa kina cha sentimita 2. Maji ya kisima huweza kuwa na chuma, na ya bomba klorini. Laza karatasi juu ya kipande cha chandarua safi, nyunyizia spiriti ya hospitali pande zote ili ilowe sawasawa, kisha ishushe majini pamoja na chandarua. Iache dakika 20 hadi 30. Maji yatageuka rangi ya chai hafifu. Yamwage kwa upole, weka mengine, na urudie hadi yabaki meupe, kwa kawaida mara tatu. Kamwe usiinue karatasi iliyolowa kwa kushika pembe. Inua chandarua.

Ikaushe kati ya vitambaa viwili vya poliesta visivyo na nyuzi zinazong'oka, na nje yake karatasi nene za kunyonya maji au taulo jeupe la pamba, kisha ubao na vitabu vizito juu. Badilisha za kunyonya baada ya nusu saa, tena baada ya saa mbili, kisha iache usiku kucha. Tegemea ukurasa wote kuwa mweupe zaidi na madoa kupungua rangi. Yale yenye kutu hayatatoka, na ukiwa na ukurasa wa thamani kweli, huo ndio wakati wa kumtafuta mhifadhi wa nyaraka aliyesomea kazi hiyo.

Picha

Picha nyingi za nyeusi na nyeupe za studio zina tabaka la jelatini juu ya karatasi, na picha yenyewe imo ndani ya tabaka hilo. Jelatini ni chakula cha ukungu. Ukungu unapoila, huigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka majini. Picha safi ya aina hiyo huweza kuloweshwa bila madhara, kwani iliwahi kuoshwa majini ilipotengenezwa. Picha iliyoliwa na ukungu ikifutwa kwa kitambaa kibichi, uso wa mtu hutoka na kitambaa. Hilo hutokea kwa mguso mmoja na halirudishwi. Ukungu na maji visikutane juu ya picha.

Kabla ya chochote, piga nakala kwa skana yenye kioo safi, nukta 600 kwa inchi, na uhifadhi kama faili ya TIFF. Kama tabaka limepasuka au linanyanyuka, usiibane kwenye skana. Ilaze mezani na kuipiga kwa kamera kutoka juu, taa mbili zikitoka pembeni.

Kausha picha kwenye kisanduku cha silika kama kitabu, lakini usishuke chini ya asilimia 40, kwani jelatini iliyokauka kupita kiasi hujikunja na kupasuka. Kisha ilaze kifudifudi juu ya karatasi laini na kupiga brashi mgongo wake. Igeuze, na upande wa mbele tumia brashi laini kuliko zote ulizo nazo, ukigusa kama unafagia unga, kutoka katikati kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, maana mate ni maji. Tazama kwa tochi ya pembeni. Vidoa vilivyofifia mng'ao kama kioo kilichokwaruzwa ni mahali jelatini ilipoliwa, na hapo brashi ikome.

Ukungu uliogandamana na hautoki kwa brashi unaweza kuguswa kwa kijiti cha pamba chenye pombe ya aisopropili ya asilimia 99. Ile ya 70 iliyofaa kwenye jalada haifai hapa, maana asilimia 30 iliyobaki ni maji. Jaribu ukingoni kwanza, viringisha kijiti badala ya kusugua, na ukitupe kikichafuka. Usiiguse kwa pombe picha iliyochapwa kwa printa ya wino, wala mgongo wenye muhuri wa studio, kwani muhuri huo huyeyuka.

Picha iliyoshikamana na kioo cha fremu usiivute. Tabaka litabaki kwenye kioo. Piga nakala kupitia kioo hichohicho na kuiacha ilivyo. Madoa ya kahawia au ya njano ndani ya picha yenyewe mara nyingi ni mabaki ya kemikali za kuoshea ambazo hazikuoshwa vizuri siku ilipotengenezwa, na hayana tiba ya nyumbani. Yaondoe kwenye nakala ya kompyuta. Katika programu ya bure ya GIMP chagua zana ya `Heal`, bonyeza `Ctrl` ukigusa sehemu safi iliyo karibu, kisha gusa doa. Brashi iwe kubwa kidogo kuliko doa, na kwenye uso wa mtu chukua sampuli upya kila baada ya mguso mmoja au miwili, la sivyo ngozi itaonekana imepakwa rangi.

Baada ya kusafisha

Osha brashi kwa sabuni, itie kwenye spiriti na uikaushe. Pamba na karatasi zilizotumika zifunge kwenye mfuko na kuzitupa siku hiyohiyo. Kabati lililokuwa na ukungu lifute kwa spiriti na uliache wazi hadi likauke. Kitabu kisafi kikirudi kwenye mbao zenye mbegu, kazi itaanza upya.

Weka kabati sentimita 10 kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa na mvua, na rafu ya chini iwe juu ya sakafu. Vitabu visibanane. Picha ziwekwe kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi au mifuko ya poliesta au polipropilini, si PVC, ambayo hutoa gesi na kunata. Usifunge kitu chochote ndani ya plastiki kabla hakijakauka, maana unakuwa umefungia unyevu pamoja nacho.

Kipima unyevu kikae ndani ya kabati, na kikisoma zaidi ya 65 kwa siku tatu, badilisha silika au washa kiyoyozi. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, toa vitabu viwili au vitatu kila wiki mbili, ukianza na vya pembeni na vya nyuma, uvipitishie tochi kwenye mgongo na kingo za juu. Nukta nyeupe ndogo kuliko kichwa cha pini ikionekana kwenye kitambaa cha mgongo, kitenge kitabu hicho siku hiyohiyo, kitie kwenye kisanduku cha silika, na uvikague vilivyokuwa kushoto na kulia kwake.